Sauti ya Mtu ni Mali Yake

Huko Irente, mwendo mfupi kutoka mji wa Lushoto, mahali ambapo milima ya Usambara hukatika ghafula na mtu akasimama kutazama Mazinde na nyika ya Wamasai chini yake, ipo shule ya watoto wasioona. Mtoto asiyeona humtambua mwalimu wake kwa sauti kabla hajatajiwa jina. Kwa sauti hujua kama aliyeingia ni rafiki au mgeni, na kama mzee anayemwita ndiye kweli baba yake. Kwake yeye sauti ndiyo uso wa mtu, tena ndiyo sahihi yake.

Sisi tunaoona tusidhani kwamba jambo hili haliwahusu wengine ila watoto wale. Kila mmoja wetu ashikapo simu sikioni huwa katika hali hiyo hiyo. Hamwoni asemaye, humwamini kwa sauti tu. Kwa imani hiyo tunatuma fedha, tunapeleka mazao sokoni Dar es Salaam, tunapokea habari za msiba na za mkutano. Sasa imekuja mitambo ya akili mnemba iwezayo kuchukua sauti ya mtu na kuisemesha maneno ambayo hakuyasema. Twataka leo kulieleza jambo hili hatua kwa hatua, maana mwizi ambaye njia yake inajulikana huzuilika kwa urahisi kuliko yule anayeogopwa tu bila kufahamika.

Yafaa kwanza tujue sauti huibwaje. Mtambo wa namna hii hufundishwa kwa kusikilizishwa sauti za watu wengi mno, pamoja na maandishi ya yale waliyoyasema. Katika kazi hiyo hujifunza jinsi binadamu kwa jumla wanavyotamka maneno, wanavyopumua katikati ya sentensi, na wanavyopandisha sauti waulizapo swali. Baada ya hapo haihitaji kufundishwa upya kwa kila mtu. Hupewa kipande kifupi cha sauti ya mtu mmoja, hukigeuza kuwa safu ya namba zinazoeleza namna sauti hiyo ilivyo, kisha namba hizo hutumika kama rangi ya kupaka juu ya maneno yoyote. Mwezi wa Januari 2023 wataalamu wa kampuni ya Microsoft walieleza mtambo wao uitwao VALL-E. Ulikuwa umefundishwa kwa saa 60,000 za usemi wa Kiingereza, na ili kuiga sauti ya mtu mpya ulihitaji kumsikia kwa sekunde 3 tu. Sekunde tatu ni muda wa kumwamkia jirani na kumwuliza habari za nyumbani.

Ndugu msomaji na ajiulize basi ameziacha wapi sekunde zake tatu. Ziko katika ujumbe wa sauti alioutuma kwenye kundi la WhatsApp la harusi. Ziko katika video ya kwaya, katika hotuba aliyoitoa kwenye mkutano wa ushirika, na katika picha za sherehe ambazo mpwa wake alizitia TikTok. Hatusemi kwamba watu wasiimbe wala wasihutubie. Twasema tu kwamba kuificha sauti si kinga tena, kwa hiyo kinga itafutwe mahali pengine.

Ziko namna mbili za kuiga sauti, na tofauti yake ni kubwa. Katika namna ya kwanza, tapeli huandika maneno na mtambo huyasoma kwa sauti iliyoibwa. Katika namna ya pili, tapeli husema mwenyewe kwa kinywa chake, na mtambo hubadili sauti yake kuwa ya mtu mwingine huku maneno, lafudhi na vituo vikibaki vyake. Namna ya kwanza huhitaji mtambo unaoifahamu lugha inayosemwa. Mitambo ya Kiswahili ipo, lakini lugha kama Kisambaa, ambazo usemi wake uliorekodiwa na kuandikwa ni mchache, haziigwi vizuri kwa njia hiyo. Ndiyo maana wengine hushauri kwamba mtu akitilia shaka simu, aseme Kisambaa cha nyumbani amsikilize mwenziwe atajibu nini. Shauri hilo si baya, lakini halitoshi. Tapeli aliyezaliwa Soni au Bumbuli, akitumia namna ya pili, atajibu Kisambaa safi kabisa, naye atakisema kwa sauti ya mwanao.

Tuchukue mfano tulioutunga, ambao sehemu zake zote zaweza kutokea. Mama mmoja analima karoti na kabichi Irente. Kijana wake anafanya kazi Dar es Salaam, naye hupenda kutia video zake mitandaoni. Siku moja saa mbili za usiku simu ya mama inalia, na namba ni ngeni. Anasikia sauti ya mwanawe: "Mama, shikamoo. Ni mimi. Simu yangu imevunjika, natumia ya msamaria. Nimegongwa na pikipiki, niko hospitali, wanataka shilingi 350,000 ndipo wanitibu. Tuma kwa namba hii, litatokea jina la daktari. Usimwambie baba, moyo wake haufai." Kisha simu inakatika kwa sababu, kama asemavyo, salio limekwisha.

Mama huyu hakukosa akili. Sauti ni ya mwanawe, na tena njia ya simu yenyewe imemsaidia mwizi. Simu nyingi za kawaida hupitisha mitetemo ya sauti iliyo kati ya 300 na 3,400 kwa sekunde. Iliyo chini na juu ya hapo hukatwa. Makosa mengi ya sauti bandia, kama mlio mwembamba wa chuma au pumzi isiyo ya kawaida, hupotea humo humo pamoja na kelele za barabarani. Mwaka 2023 wachunguzi wa chuo kikuu kimoja cha London waliwasikilizisha watu 529 sauti za kweli na za mitambo, kwa Kiingereza na Kichina. Wasikilizaji walizitambua zilizo bandia mara 73 katika kila 100, nao walikuwa wametulia, wakijua kwamba wanajaribiwa. Mama aliyeambiwa kwamba mwanawe amegongwa hatasikiliza kwa utulivu huo.

Kwa hiyo asiliulize sikio. Aupime ujumbe wenyewe. Tazameni jinsi ulivyojengwa. Namba ni ngeni, na sababu ya ugeni wake imetolewa kabla hajauliza. Fedha zinakwenda kwa mtu wa tatu, na jina geni litakalotokea limekwisha kutolewa maelezo. Haraka ni kubwa hata hapana nafasi ya kufikiri. Tena amekatazwa kumwambia baba wa kijana. Mambo hayo manne si mageni kwetu. Ni ule ule utapeli wa zamani wa ujumbe wa maandishi usemao, "Ile hela tuma kwenye namba hii," ambao Watanzania wengi wamewahi kuupokea. Lililoongezwa ni sauti ya mtu tumpendaye.

Afanyeje basi? Akate simu, kisha yeye mwenyewe apige namba ya mwanawe aliyoihifadhi siku nyingi. Jambo lote limo katika neno hilo, yeye mwenyewe apige. Tapeli aweza kuiga sauti, lakini mama apigapo namba ya zamani, simu italia mfukoni mwa mwana wa kweli. Ikiwa haipatikani, apige ya mwenzake anayekaa naye, au ya kazini kwake. Pia ni vema kila nyumba iwe na neno moja la siri ambalo halikuandikwa popote wala halikutumwa kwa simu, lililosemwa ana kwa ana wakati wa sikukuu watu wote wakiwa nyumbani. Lisiwe jina la kijiji wala la babu, maana hayo tapeli huyapata mitandaoni. Mwana aliye taabuni ataulizwa neno, naye atalisema. Asiyelijua atakasirika, atalia, au atakata simu.

Na ikiwa fedha zimekwisha kutumwa, dakika ni mali. Fedha za simu zikifika kwa tapeli hutolewa kwa wakala au kurushwa namba nyingine mara moja. Mtu asingoje asubuhi. Apige huduma kwa wateja ya mtandao wake saa ile ile, aombe muamala uzuiwe, kisha aende polisi. Namba ya tapeli ipelekwe pia kwa namba 15040, iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa kazi hiyo. Ikiwa ulaghai ulikuja kama ujumbe wa sauti, asiufute, wala asiurekodi kwa simu ya pili akidhani anautunza. Faili la kwanza, pamoja na namba, tarehe na saa, ndilo lenye ushahidi. Nakala ya nakala hupoteza alama ambazo mchunguzi angezitafuta.

Tumeanza na fedha kwa kuwa ndizo zinazomwumiza mfanyakazi upesi. Lakini sauti ya kiongozi nayo yaweza kuibwa, na hapo aliyedanganywa si nyumba moja tena. Jirani zetu wa Sudan waliyaona hayo mwaka 2023, nchi yao ikiwa vitani. Tangu mwishoni mwa mwezi wa Agosti mwaka ule, ukurasa mmoja wa TikTok ulianza kutoa sauti zilizodaiwa kuwa ni maneno ya siri ya Omar al-Bashir, rais aliyeondolewa mwaka 2019. Mzee huyo alikuwa hajaonekana hadharani kwa muda mrefu na ilisemekana ni mgonjwa, kwa hiyo watu hawakuwa na njia ya kumwona akanushe. Sauti zile zilisikilizwa mara mamia ya maelfu.

Waandishi wa BBC ndio waliolichunguza jambo hilo, na njia waliyoitumia yafaa kujulikana. Waliambiwa na msikilizaji mmoja kwamba maneno yale yanafanana na matangazo ya mchambuzi mmoja wa siasa za Sudan. Walipoiweka michoro ya mawimbi ya sauti hizo mbili pamoja, waliona kwamba mahali pa kusema na mahali pa kunyamaza palilingana. Maana yake ni kwamba mtu alichukua usemi wa mchambuzi yule, uliotangazwa siku chache kabla, akaupitisha katika mtambo ukatoka na sauti ya Bashir. Ndiyo ile namna ya pili tuliyoieleza. Tena tuangalie kwamba wizi huu haukufichuliwa na sikio lililosema, "Hii si sauti yake." Ulifichuliwa na mtu aliyekumbuka maneno yale aliyasikia wapi. Basi neno la kiongozi likitufikia kwa simu, tusiulize tu kama sauti ni yake. Tuulize alilisema wapi, siku gani, mbele ya nani, na nani mwingine alikuwapo akasikia.

Iko hatari nyingine iliyo kinyume cha hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 2019 nchini Gabon ilitolewa video ya Rais Ali Bongo, ambaye alikuwa amepatwa na kiharusi. Uso wake ulionekana mgumu na macho hayakupepesa kama ilivyo desturi, na wapinzani wakasema video ni ya bandia. Tarehe 7 Januari baadhi ya askari walijaribu kuipindua serikali, wakaitaja hotuba hiyo kuwa moja ya sababu zao. Hapana aliyethibitisha kwamba video ile ilikuwa bandia. Maradhi peke yake yangeweza kuueleza uso ule. Twajifunza kwamba watu wakijua sauti na picha zaweza kughushiwa, hata ya kweli huweza kukataliwa. Mla rushwa aliyerekodiwa akidai chake atasema, "Huo ni mtambo." Kwa hiyo anayetoa rekodi ya kumshitaki mwingine lazima awe tayari kulileta faili la kwanza na kuwataja mashahidi, na anayeikana asiruhusiwe kuikana kwa neno moja tu.

Baada ya kusema hayo yote, tusiulaani mtambo wenyewe, maana kwa ridhaa ya mwenye sauti unayo kazi njema. Turudi kwa mtoto asiyeona. Vitabu vya nukta nundu ni vizito, ni ghali, na huchelewa. Mwalimu mwenye sauti nzuri akikubali sauti yake inakiliwe, mtambo waweza kuwasomea wanafunzi kitabu kizima ambacho kingemchukua mwalimu siku nyingi kukirekodi. Hapana aibu katika hilo. Swali ni hili: alikubali nini?

Mtu husema "nimekubali" kwa mambo asiyoyajua. Aliyekubali kurekodiwa akiimba hakukubali sauti yake itangaze dawa ya nguvu. Ridhaa ya kweli hutaja kazi ambayo sauti itatumika, yaani kusoma vitabu vya darasa, na kwamba haitatumika kwa siasa wala biashara. Hutaja ni nani atakayeutunza mtambo uliofundishwa sauti hiyo, na kwa muda gani. Hutaja malipo, kama yapo. Hutaja pia jinsi ya kuondoka, na hapa wengi hupitiwa. Mwalimu akiacha kazi na kusema, "Futeni," haitoshi kufuta rekodi zake za kwanza. Ile safu ya namba iliyotolewa katika sauti yake nayo lazima ifutwe, maana ikibaki itaendelea kusema bila ya rekodi yoyote. Na nakala ikiwa imekwisha kutoka nje, hapana mkono uwezao kuirudisha. Kwa sababu hiyo ridhaa hutafutwa kabla ya kazi, si baada yake. Na ikiwa sauti ni ya mtoto, mzazi hana budi kuelezwa na kukubali.

Sheria haikutuacha bila nguzo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zitumike kwa lengo hilo, na ipo Tume inayopokea malalamiko ya waliodhulumiwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kujifanya mtu mwingine kwa njia ya kompyuta. Sheria hii ya pili ilitungwa kabla ya mitambo ya sekunde tatu, wala haiitaji akili mnemba. Lakini anayejifanya mwana wa mtu ili ale fedha za mama yake amejifanya mtu mwingine, na chombo alichokitumia hakimtakasi.

Limebaki suala la alama. Video au sauti iliyotengenezwa kwa mtambo lazima iseme hivyo yenyewe. Wengine hutia alama ya siri ndani ya faili, isomwayo na kompyuta. Ni jambo zuri, lakini faili likipitia WhatsApp hubanwa na kupunguzwa, na mtu akirekodi kioo cha simu yake alama nyingi za namna hiyo hubaki nyuma. Wengine huandika neno dogo chini ya video. Anayeitumia tena huikata sehemu hiyo, au huyaandika maneno mengine juu yake. Alama iliyo imara ni ile iliyo ndani ya picha yenyewe, mahali ambapo kuikata ni kuiharibu video, ikakaa hapo tangu mwanzo mpaka mwisho.

Na kwa msikilizaji wa Irente alama ya maandishi ni sawa na kutokuwa na alama. Kwake yeye alama lazima isikike. Nchini China kanuni zilizoanza tarehe 1 Septemba 2025 zinataka sauti iliyotengenezwa kwa mtambo iwe na tangazo la kusikika au mlio maalumu. Nasi hatuhitaji kungoja kanuni ili kufanya hivyo. Kitabu kianze kwa maneno haya: "Sauti hii imetengenezwa kwa mtambo kutokana na sauti ya mwalimu wetu, kwa ridhaa yake." Maneno hayo yarudiwe kila sura inapoanza, maana mtu huweza kufungua kitabu katikati. Sentensi hiyo moja inajibu maswali mawili kwa pamoja: ni nani asemaye, na kama mwenye sauti alikubali.

Alama isitumiwe ovyo. Kupunguza kelele za upepo katika hotuba au kuongeza mwanga katika picha hakubadili aliyoyasema mtu, na tukizitia alama hizo zote watu watazizoea wasizijali tena. Kipimo chetu kiwe hiki: je, mtu ameonyeshwa akisema au akitenda jambo ambalo hakulisema wala hakulitenda? Ikiwa ndivyo, alama iwekwe, hata kama ni mzaha, hata kama ni tangazo la mkutano, hata kama kiongozi mwenyewe ameridhia. Tawi litakaloleta mikutanoni salamu za kiongozi zilizotengenezwa kwa mtambo bila ya kusema hivyo litakuwa limewafundisha wanachama wake kumwamini tapeli wa kesho.

Msemo wa wahenga ni kwamba ada ya mja hunena, mwungwana ni vitendo. Jioni hii, kabla ya kulala, kila msomaji na afanye vitendo viwili. Azihifadhi kwa majina namba za jamaa zake wote katika simu yake, na nyingine mbili tatu aziandike katika karatasi ukutani. Kisha siku ya kwanza watakapokutana, akae na watu wake wachague neno lao.